Barua ya Kuombea Ovaloki

Shule niliiacha darasa la sita, lakini mtaani kwetu Mji wa Kale nilihesabiwa mwandishi kwa kuwa nina kalamu. Basi mke wangu, fundi wa kushona, alipotaka mkopo wa ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za nguo zisifumuke, barua nikaandika mimi. Bila mashine hiyo kila nguo alikuwa akiipeleka Mwembe Tayari kwa fundi mwengine, akamlipa, na Idd ilikuwa yaja.

Nikaandika kwamba pesa ni za mashine, maendeleo na mengineyo. Mengineyo ilikuwa redio yangu.

"Maendeleo yashona nini?" akaniuliza. "Na hayo mengineyo, bwana, ni nguo ya nani?"

Nikaanza upya, safari hii kwa maneno yake. Pesa zote ni za mashine, na zile alizokuwa akimlipa fundi wa Mwembe Tayari zitalipa mkopo kila wiki. Kisha akataka niongeze kwamba Idd ikipita kazi hupungua, na hapo atalipa kwa akiba atakayoweka msimu wa Idd.

"Hapo wajifungia mlango mwenyewe," nikamwambia.

"Wewe andika."

Afisa wa mikopo akaja nyumbani, akaisoma barua mbele ya wanawake wa kikundi waliomdhamini mke wangu.

"Idd ikipita utalipaje, ndilo swali nililokuja nalo," akasema. "Na jawabu ni hili hapa."

Mkopo ukatoka mapema. Ile ovaloki niliipandisha ngazi mimi, kwa mgongo wangu, na habari za redio sikuthubutu kuuliza.