Mama Karatasi na Ukuta wa Juu ya Jiko

Kazi yake ilikuwa kupamba, na alichojulikana nacho zaidi ni mapambo ya jikoni. Wapambaji wa kumbi na viti vya maharusi wamejaa tele. Lakini ukitaka jiko lako lipendeze siku ya karamu, lisishike mafuta, lisiungue, na mpishi asijikwae, utaelekezwa kwa Mama Karatasi. Jina hilo alipewa na wateja waliomcheka. Kila kazi, siku moja kabla ya kupamba, alikuja na bunda la karatasi nyeupe, akazibandika ukutani, juu ya kabati, kando ya sinki, hata nyuma ya mlango, kisha akamwomba mwenye nyumba akaange kitu chochote.

"Nikaange? Nimekuita unipambie, sasa nikupikie tena?"

"Kaanga, mama. Nitakula, usiwe na shaka."

Mwenye nyumba akikaanga, yeye alikaa kwenye kigoda na kutazama. Chakula kikiiva alizipitia karatasi moja moja, akisoma matone kama mwalimu anayesahihisha mitihani. Palipodondokea tone hata moja hapakupambwa. Pasipo na tone alipapitisha kidole, kwa sababu mafuta hayaruki tu, hupanda pia na mvuke, na juu ya kabati panaweza kuonekana pasafi huku pananata. Baada ya hapo ndipo alipofungua mkoba wa mapambo. Wateja walicheka, wakalipa, na mwaka uliofuata wakamwita tena.

Wasichojua ni kwamba jikoni hakuwa peke yake hata siku moja. Kila alipopanda kiti na kunyoosha mkono ukutani, alisikia sauti ya dada yake nyuma ya bega, sauti ya mtu mwenye haraka zake, ikiuliza, "Haitaanguka?" Alikuwa ameacha kugeuka. Mwanzoni aligeuka, akaona sufuria za watu, akatokwa na jasho mbele ya mteja. Siku hizi hushusha mkono, hungoja pumzi irudi, kisha huendelea. Miaka kumi na tisa sasa anaishi hivyo. Aliogopa, na hakumwambia mtu.

Dada yake huyo, mkubwa wake kwa miaka sita, alipofariki aliacha binti wa miaka mitano. Binti akalelewa kwa baba yake na shangazi yake, akasoma, akawa mwalimu, akaolewa, na sasa mtoto wake wa kwanza alikuwa anatimiza mwaka. Wageni thelathini walialikwa. Ijumaa asubuhi, kesho yake ikiwa ndiyo karamu, Mama Karatasi alifika kwa mpwa wake na mkoba begani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Jiko liko wapi, nisije nikapewa chai nikasahau kazi."

Lilikuwa jiko zuri la nyumba ya kupanga. Jiko la gesi la mafiga manne lilisimama katikati ya ukuta mrefu, sinki likiwa chini ya dirisha, meza ya kukatia katikati, na ukuta wa upande wa mlango ulikuwa mtupu. Mama Karatasi aliupenda ukuta huo papo hapo. Alibandika karatasi zake, mwalimu akakaanga viazi, na mambo yakaenda kama kawaida. Karatasi zilizo karibu na jiko zilijaa madoa. Ile ya kando ya sinki ililoa hadi ikajikunja. Ya juu ya kabati ilimdanganya macho, kidole kikasema ukweli. Ile ya ukuta wa mlango ilibaki vilevile.

"Hapa," alisema, akiuchora ukuta alama ya chaki. "Kila kitu kitakaa hapa na kwenye rafu ile. Mitungi ya kioo yenye vifuniko, ndani maua ya kitambaa na taa ndogo za betri. Nje ya mtungi utapangusa kwa kitambaa chenye sabuni, ndani hakuingii kitu. Riboni nitafunga kwenye vishikio vya kabati za mbali, za kufulika, fupi, zisishikane na mikono yako. Maputo yakae sebuleni. Na meza hii siigusi, hii ni ya kisu chako."

"Sawa sawa. Ila kuna kimoja nakitaka mimi." Mwalimu alifuta mikono, akaenda chumbani, akarudi na picha. "Nataka pambo kama hili, palepale."

Mama Karatasi aliipokea. Picha hiyo aliipiga yeye. Dada yake amesimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, anacheka kwa kuwa ameambiwa acheke. Juu ya kichwa chake, kuvuka ukuta wote wa jiko, umetandwa uzi wenye maua ya karatasi laini, mekundu na ya manjano.

"Juu ya jiko?" aliuliza Mama Karatasi.

"Juu ya jiko. Ndiyo picha pekee niliyo nayo mama anacheka. Nataka mwanangu naye awe nayo kama hiyo. Usinitazame hivyo, sitafanya upuuzi wake. Yeye alibandika kwa selotepu, mimi nitapigilia misumari. Mama alikuwa na mkono mzuri wa mapambo, kila mtu anasema, ila akili ya jiko hakuwa nayo. Mtu mzima unaning'iniza karatasi juu ya moto, halafu unaacha mtoto wa miaka mitano? Nimemkasirikia sana, mama mdogo. Darasani nikifundisha watoto habari za moto, namkasirikia."

Alisema bila kelele, kama mtu aliyezoea. Mama Karatasi alikaa kwenye kigoda. Angeweza kusema tu kwamba msumari hausaidii, na ingekuwa kweli. Karatasi iliyo juu ya jiko hunyonya mafuta siku nzima, ikakauka, ikawa kama utambi, na mwali ukiruka kutoka kwenye karai hauulizi imeshikwa na nini. Angesema hayo, mpwa wake angekubali, kazi ingeisha, na dada yake angebaki mzembe kaburini.

Nyuma ya bega sauti ikauliza, "Haitaanguka?"

"Siyo mama yako aliyeyabandika," alisema. "Ni mimi."

Mwalimu hakuelewa. Mama Karatasi akajikaza akayatoa yote, akitazama sakafu. Alikuwa na miaka ishirini. Ukuta wa jiko la dada yake ulikuwa na masizi, akaona aibu kwa ajili ya wageni, akaufunika kwa maua aliyoyakata mwenyewe. Dada aliuliza kama hayataanguka. Yeye akajibu, "Nimebandika mara mbili," ingawa alibandika mara moja tu, akapiga picha, akatoka kwenda dukani. Sufuria kubwa ikachemka na mvuke ukapanda chini ya ule uzi saa nzima. Selotepu haivumilii mvuke, gundi hulegea. Uzi ulianguka upande mmoja, ukapita kwenye moto, ukatumbukia kwenye karai la mafuta. Dada alilibeba karai linalowaka ili alitoe nje lisije likachoma nyumba iliyo na mtoto ndani. Hakufika mlangoni. Siku ya tatu akafariki.

"Ungekuwa uani na wenzako, angeliacha akakimbia, asingeungua hata unywele," alisema Mama Karatasi. "Lakini hukuwa uani, ulikuwa umelala chumbani. Alilibeba kwa sababu yako."

"Na wewe ulinyamaza."

"Msibani shangazi yako alisema, marehemu alipenda mapambo mno, yamemponza. Wote wakaitikia. Nikaona nikifungua mdomo watanirarua. Kesho yake nikanyamaza tena. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana. Nilikuwa mwoga, mwanangu. Sina jina lingine la jambo hilo."

Mwalimu alizima jiko lililokuwa likiwaka bure. Alisimama akiangalia ukuta wa juu yake, akalia kwa sauti, si kama anavyolia mtu mzima. Mama Karatasi aliinuka kumshika, akasukumwa mkono.

"Usiniguse. Nimemtukana mama yangu tangu nikiwa mtoto."

Mtoto alisikika sebuleni akigongagonga kijiko na baba yake akimsemesha. Hatimaye mwalimu alinawa uso kwenye sinki.

"Pamba," alisema. "Pamba kama ulivyosema, kwenye ukuta huo. Na kesho husimami sebuleni na sahani kama mgeni. Utakaa humu jikoni na mimi kuanzia asubuhi. Shangazi anakuja."

Mama Karatasi akapamba. Aliijaza mitungi, akaifunga vifuniko, akaipanga kwenye rafu nyuma kidogo ili kiwiko kisiiangushe. Alifungua dirisha kuona upepo unavuta wapi, na riboni moja iliyopeperuka kuelekea kwenye moto akaitoa kabisa. Mwisho akabeba sufuria kubwa iliyojaa maji, akaenda nayo kutoka kwenye jiko hadi sinki, kutoka sinki hadi mezani, viwiko vimetanuka, kuhakikisha hakuna kinachomgusa mpishi. Mpwa wake alimtazama. Ukuta wa juu ya jiko ulibaki mtupu, na Mama Karatasi aliona umejaa kuliko zote.

Jumamosi jiko lilijaa mvuke na kelele. Wanawake walimenya, walikatakata, walitaniana. Taa ndogo ziliwaka ndani ya mitungi, na hakuna aliyelazimika kusogeza pambo lolote ili apate pa kuweka sinia. Mama Karatasi alikoroga sufuria aliyopewa. Hakuwa amekula kitu tangu jana yake.

Saa tano shangazi aliingia, mzee wa watu, mzito, mcheshi, na heshima yake mji mzima. Alitazama mitungi, akatazama jiko, akatikisa kichwa.

"Eh, jikoni napo mmepamba! Mwanangu, huogopi? Na yaliyompata mama yako? Mungu amrehemu, wifi yangu alipenda urembo kuliko roho yake."

Visu vilisimama. Mwalimu aliendelea kukata vitunguu, hakuinua macho, lakini mkono wake ulipunguza mwendo. Alikuwa anangoja. Mama Karatasi alisubiri ile sauti nyuma ya bega. Haikuja. Akageuka mwenyewe, na nyuma yake walikuwa wanawake tu, wenye aproni, wakimtazama.

"Siyo yeye, wifi," alisema, na sauti yake ilifika hadi sebuleni. "Yale maua niliyapachika mimi. Aliniuliza kama hayataanguka, nikamdanganya."