Neno "machafu"

Mtaani walimwita Nusu Saa. Jina hilo alipewa na wanawake wa bombani, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja ya kujitolea kama mhudumu wa afya hakuwahi kumaliza mazungumzo bila kusema: weka kidonge, funika ndoo, subiri nusu saa. Kabla ya hapo alikuwa mshonaji, na mpaka leo akipita nyumba kwa nyumba hubeba vidonge vyake vya kutibu maji kwenye mkoba wa kitambaa alioushona mwenyewe, wenye mifuko sita. Kila mfuko ni wa uchochoro mmoja.

Mvua zilipoanza, maji ya bomba yalibadilika rangi, kama kila mwaka. Mto ulikuwa umeteremsha udongo wote wa mlimani.

"Leo tumeletewa chai ya maziwa," alisema muuza mkaa, akiinua ndoo yake.

"Sukari tutie wenyewe," akajibu mwenzake, na foleni nzima ikacheka. Nusu Saa alicheka nao, akagawa vidonge: kimoja kwa ndoo moja ya lita ishirini.

Wiki tatu baadaye alikuwa amekaa mkekani nyumbani kwa msusi wa nyumba ya nne, kwenye msiba. Mtoto wa kwanza wa msusi, wa miaka minne, alikuwa ameharisha siku mbili tu. Katikati ya pole na kilio, msusi alimgeukia na kusema kwa sauti ya chini, bila hasira, jambo ambalo lilimkosesha usingizi tangu siku ile:

"Mama, mimi sikuruka hata siku moja. Kimoja kwa ndoo. Nusu saa kwa saa ya ukutani."

Nusu Saa alimwamini. Hilo ndilo lililomsumbua. Angekuwa mzembe, jambo lingeeleweka. Lakini msusi alikuwa mwanafunzi wake bora, aliyefanya kila alichofundishwa.

Alikwenda zahanati akamweleza bwana afya, kijana mkimya ambaye hakupenda maneno mengi. Bwana afya akamkabidhi kichupa cha kioo na pakiti ya tembe ndogo za kupimia.

"Dawa ikiwa bado imo majini, maji yatageuka waridi," alisema. "Ikiwa imekwisha, hayageuki."

Alianza na ndoo ya nyumbani kwake. Yeye ana pipa la kukingia mvua kutoka kwenye bati safi, lenye chujio mdomoni. Maji yake huonekana mpaka chini. Alitia kidonge kimoja, akasubiri nusu saa, akapima. Waridi. Kisha akaomba maji ya bombani kwa jirani, akatia kidonge kimoja, akasubiri nusu saa ileile, akapima. Kichupa kilibaki na rangi ya tope.

Alirudi zahanati na vichupa vyote viwili mkononi.

"Dawa haijui kuchagua, mama," bwana afya alimwambia. "Inashambulia kila kitu kinachooza humo: majani, uchafu wa udongo, vimelea. Tope likiwa jingi, inamalizikia kwenye tope. Na vimelea vingine vimejibanza ndani ya chembe, haviguswi. Lakini si imeandikwa kwenye pakiti?"

Ilikuwa imeandikwa. Aliisoma palepale kwenye benchi, miwani puani: *Maji safi, kidonge kimoja. Maji machafu, vidonge viwili, baada ya kuchuja.* Alikuwa ameisoma mara mia. Na kila mara alilielewa neno "machafu" kama kila mwanamke wa mtaa ule anavyolielewa: maji yaliyooshea vyombo, maji yaliyofulia nguo, maji ya kumwaga. Nani ana maji machafu kwenye ndoo ya kunywa? Ukimwambia mtu hivyo umemtukania nyumba yake. Ya bombani yalikuwa na rangi tu. Kwa hiyo mstari wa pili hakuwahi kuufundisha. Aliona hauwahusu.

Asubuhi iliyofuata alisikia kwamba mtoto wa pili wa msusi, wa mwaka na nusu, ameanza kuharisha. Akaenda mbio mbio, mkoba ukimpiga kiunoni.

Msusi alimpokea mlangoni, mtoto begani. Juu ya bati zilipangwa chupa nane za plastiki, zote za rangi ya chai.

"Vidonge vyako nimevitupa," alisema. "Nasikia jua linaua vimelea. Hizo zimelala juani tangu jana. Jua halina feki."

"Umemnywesha?"

"Tangu asubuhi."

Nusu Saa hakubishana. Alichanganya pakiti ya chumvi ya kuongezea maji mwilini na maji aliyokuja nayo kwenye chupa yake, akampa mtoto kijiko kwa kijiko mpaka akaona anameza vizuri na machozi yanamtoka akilia. Alimwambia msusi kwamba mtoto akitapika kila kitu, au akilegea, waende zahanati bila kungoja. Halafu akashusha chupa moja, akatoa kipande cha gazeti mkobani, akakilaza chini na kuisimamisha chupa juu ya kichwa cha habari.

"Chungulia toka mdomoni. Soma."

Msusi alichungulia. "Sioni kitu."

"Kama jicho lako halifiki chini, na jua halifiki. Tope linalikinga. Vimelea vya katikati vimekaa kivulini siku nzima." Kilichobaki ndicho alichokuja kukisema. "Na dawa ni hivyohivyo, tope linaimaliza. Ilitakiwa tuchuje, tutie viwili. Imeandikwa. Mimi ndiye niliyekufundisha kimoja."

Mkono wa msusi ulikuwa mgongoni mwa mtoto, ukipanda na kushuka.

"Kwa hiyo mwanangu..."

"Sijui kama ni maji. Hakuna aliyepima. Ila maji yale hayakuwa salama, na niliyekuambia ni salama ni mimi. Sikuja kukuficha."

Hakulia mbele ya msusi. Aliona hana haki hiyo. Msusi aliingia ndani. Nusu Saa akabaki mlangoni, asijue kama amefukuzwa. Kisha akasikia sufuria ikiwekwa jikoni.

"Moto nao una masharti?" sauti ya msusi ilitoka ndani, kavu.

"Hauna. Joto linaingia mpaka ndani ya tope. Yakichemka kwa mapovu makubwa, vimelea vimekufa, hata yakibaki na rangi. Ila yaache humohumo, ufunike. Maji ya moto hayana mlinzi; ukiyamimina kwenye ndoo chafu yameharibika tena."

"Mkaa wa kuchemsha ndoo nzima kila siku sina."

"Ndiyo maana ndoo inayobaki tutaiacha itulie, tuichuje, tutie dawa."

Waliiacha ndoo ya bombani itulie mpaka alasiri. Walimimina ya juu taratibu kupitia kanga safi iliyokunjwa mara nne, tope likabaki chini. Walipojaribu tena kwa chupa, herufi za gazeti zilionekana, hafifu. Msusi mwenyewe alitia vidonge vya mkobani mwa Nusu Saa, kimoja, kisha cha pili, akafunika, akatazama saa ya ukutani.

"Kaa," alimwambia Nusu Saa. "Si nusu saa?"

Walikaa pande mbili za ndoo. Mtoto alilala. Mshale ulipofika, Nusu Saa akatoa kichupa akapima. Waridi, ya kufifia, lakini waridi. Msusi akachota kikombe na kumnyooshea.

"Kunywa wewe kwanza, mama."

Alikinywa chote, akisikia harufu ya dawa puani, akakirudisha. Msusi alikiinamisha, akatazama kama kimebaki kitu ndani, kisha akachota tena, nusu kikombe, akanywa.