Doa Jekundu la Tangi la Maji

Mimi ni dereva wa gari la doria, na niseme mapema tusije tukasumbuana: kompyuta sizijui, ninachojua ni barabara. Lakini habari za Mama Rangi hakuna mtu kituoni anayeweza kuzisimulia kunizidi, maana mwisho wake nimo, na simo kwa uzuri.

Mama Rangi si askari. Alikuwa mwalimu wa jiografia kabla hajaajiriwa kituoni kwetu kuchambua takwimu za uhalifu. Jina hilo tulimpa sisi madereva, kwa sababu ya ramani yake ya ukutani na kopo lake la pini: nyekundu unyang'anyi, bluu kuvunja nyumba, njano wizi wa pikipiki. Kila asubuhi alikichukua kitabu cha matukio dawatini, akasoma maelezo neno kwa neno, kisha akachoma pini. Mlalamikaji akisema "nyuma ya kiwanda cha nguo, penye mtaro uliovunjika", pini ilikwenda pale pale, hata kama mahali penyewe hapana jina. Pini zikirundikana, doria inakwenda. Tulimtania sana.

"Mama Rangi, leo unatushonea wapi?"

"Wewe shika usukani, mengine niachie," alikuwa akijibu, wala hageuki.

Alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Huyo dada ni mshonaji katika kiwanda hicho hicho. Zamu yao hutoka saa nane mchana, king'ora kinalia, na wanawake wanakata njia ya ukutani kwenda kituo cha basi. Njia yenyewe ni nyembamba: huku ukuta wa kiwanda, huku mtaro na magugu yanayomfikia mtu kifuani. Enzi za pini gari langu lilikuwa likisimama pale kila siku zamu ikitoka, na dada mtu alikuwa akinipungia mkono kama vile nimesimama kwa ajili yake peke yake.

Kisha mashine ikaja. Ramani ya ukutani ilibanduliwa ili skrini ipate mahali pa kukaa. Mama Rangi alinieleza kwa subira ya mwalimu: kila tukio linaingizwa dawatini, linakuwa nukta, mashine inazichukua nukta za miezi mitatu, za karibuni inazipa uzito zaidi, halafu inaipaka kila nukta rangi na kuitandaza pembeni yake. Rangi zinapolaliana panakuwa pekundu, na pekundu ndipo mashine inapotabiri tukio la wiki ijayo. Kila Jumatatu inatoa amri: gari lisimame kwenye doa dakika kumi na tano, liondoke, lirudi saa ambayo haikutarajiwa.

"Basi hiyo ni mganga wa kienyeji wa umeme," nilimwambia.

"Si mganga, kaka. Inajua jana tu, tena jana ya wale waliokuja kuripoti. Msiitazame kama inajua kesho." Alisema akicheka, na mimi nikacheka. Leo nikikumbuka nasikia aibu.

Mwezi wa pili wa mashine doa moja lilianza kuiva: tangi la maji, katikati ya eneo letu. Mwezi wa tatu likawa jekundu pyu. Njia ya ukutani ilikuwa nyeupe peee, kama vile hapajawahi kupita hata mwizi wa kuku. Doria yangu ya saa nane ikahamishwa kutoka ukutani kwenda kwenye tangi. Nikakaa pale. Pana waosha magari, fundi cherehani na mama wa mkaa. Dakika kumi na tano zinapita, nazunguka, narudi, wale wale. Askari niliokuwa nao walichoka kupiga miayo, wakaanza kukamata waosha magari kwa uzururaji, wasije wakaonekana hawafanyi kazi. Na kila aliyekamatwa akaingizwa kwenye mashine. Tukio, tangi la maji. Doa likazidi kuiva.

Mimi domo langu halina breki. Nikamwambia Mama Rangi kwamba pale kwenye tangi hakuna kitu, tunaota jua tu. Yeye hakubisha. Alivaa viatu vyake vya chini akapanda gari. Kule akawahoji watu mmoja mmoja, na mwosha magari mmoja mzee akamjibu kwa hasira: "Sisi hapa hatujaibiwa, mama. Wanaotusumbua ni ninyi."

Aliporudi alikwenda moja kwa moja ofisini kwake kituoni. Siku tatu alijifungia humo. Alikuwa akisoma kitabu cha matukio na kulinganisha na skrini. Siku ya nne akaniita, uso umemshuka.

"Kaka, tangi lina nukta sitini na moja. Kumi na moja ni watu mliowakamata wenyewe. Arobaini na nne zimetokea kwingine kabisa. Za tangi kwelikweli ni sita."

Kisa chake kilikuwa rahisi mpaka kinatia hasira. Mashine haikubali sehemu ya mahali iachwe wazi, na ina orodha yake ya majina ya kuchagua. Walioiandika orodha walifuata barabara zenye vibao. Njia za miguu, vichochoro, nyuma ya kiwanda, vyote havimo. Kwa hiyo karani wa dawati, ambaye tunamwita Haraka, mahali pasipo jina alikuwa akichagua tangi la maji, kwa sababu lipo katikati na kila mtu analijua. Kwenye maelezo anaandika ukweli, lakini ramani haisomi maelezo. Nilimwendea Haraka nikamtolea uvivu, nikamwita mzembe mbele ya foleni nzima.

"We Usukani," alinijibu bila kuinua macho, "siku ukikaa kwenye kiti hiki uniite tena."

Mama Rangi alikwenda kwa mkuu wa kituo, na mimi nikaitwa nikiwa shahidi. Mkuu si mtu mbaya, ila alikuwa ameshatuma taarifa makao makuu kwamba ukamataji umepanda na mashine inafanya kazi. Alimsikiliza, akakuna kidevu.

"Orodha itarekebishwa na wenyewe makao makuu. Andika barua."

"Nimeandika mbili, afande. Naomba gari moja tu, saa nane, njia ya ukutani. Wanawake wanaporwa pale."

"Nani kasema? Nioneshe nukta moja pale."

Mama Rangi alimwekea kitabu cha matukio mezani, mkuu akakisukuma pembeni. Nukta ya ukutani kwenye skrini hakuwa nayo hata moja. Alipotoka ndipo akaniambia lililokuwa likimkaa rohoni: dada yake alishaporwa mara mbili tangu gari langu liondoke pale. Alimkuta anashona mkoba uliokatwa mkanda, akambana mpaka akasema. Hakuripoti.

Jioni ile niliwarudisha nyumbani yeye na dada yake, nikasikia kwa masikio yangu wakibishana kiti cha nyuma.

"Dada, njoo uripoti. Nukta haitaonekana, lakini mkuu akikusikia kwa masikio yake huenda akanipa gari."

"Nikaripoti nini, mdogo wangu? Zamani, kabla hujaajiriwa pale, nilishaporwa nikaenda, wakaniuliza nilivaa nini na mbona sikupitia barabara kubwa. Barabara kubwa ni kuzunguka nusu saa, basi lishaondoka. Wenzangu wote wameshakata tamaa na dawati lenu."

"Basi zunguka. Zunguka tu, nakuomba."

"Mbona hukuniambia mlipoliondoa gari?"

Mama Rangi aligeukia dirisha. Nilimwona kwenye kioo, machozi yanamtoka na hayafuti. Dada mtu naye akamshika goti, akasema haya, wiki ijayo nikipata mapumziko nitakuja niandikishe, usilie kama mtoto. 

Hiyo wiki ijayo haikufika. Alhamisi, saa nane, nilikuwa kwenye tangi kwa amri. Pale king'ora cha kiwanda kinasikika vizuri. Kililia, kikanyamaza. Mwosha magari mzee akaniangalia, nami nikaangalia saa. Hazikupita dakika kumi simu ikaita, ni Mama Rangi, mwenzake dada amempigia, naye anapiga kelele tu, maneno hayashikiki isipokuwa "ukutani". Niliendesha kama kichaa na bado nilitumia dakika sita.

Dada mtu alikuwa ameketi ameegemea ukuta, mkono wa kulia umefungwa kitambaa cha mwenzake, damu imelowanisha mpaka mapajani. Alikuwa ameushika mkoba. Wezi walimkata kwenye vidole ili auachie.

Hospitali walimfunga jeraha, lakini mishipa ya vidole ilitaka daktari bingwa, na ili apelekwe kwake walidai fomu ya polisi yenye namba ya tukio. "Bila namba faili halisogei," muuguzi alisema, naye si wa kulaumiwa. Nikarudi kituoni mbio. Haraka alikuwa ametoka kwenda mahakamani, dawati lina foleni mpaka mlangoni. Nikakaa mwenyewe kwenye kile kiti. Nikaandika jina, saa, jeraha. Kwenye maelezo nikaandika kwa herufi kubwa: NJIA YA UKUTANI, NYUMA YA KIWANDA. Nikabonyeza. Ikakataa. Mahali. Nikaipekua orodha juu mpaka chini, nikaipekua tena. Nikajaribu kuacha wazi, ikakataa. Simu ikaita, Mama Rangi, "Kaka, namba, wanauliza namba."

Nikachagua tangi la maji. Namba ikatoka, nikachapa fomu, nikakimbia.

Nilijiambia nitalirekebisha kesho. Kumbe tukio likishahifadhiwa kituo hakiligusi tena, ni makao makuu tu. Nikajiambia nitamweleza Mama Rangi, na kila nilipomwona hospitali nikakosa pa kuanzia. Daktari bingwa alifanya alichoweza. Vidole viwili havikunjiki. Cherehani ya kiwandani haikusubiri vidole vya mtu, ilipewa mshonaji mwingine.

Jumatatu Mama Rangi alirudi kazini, amekonda kwa siku nne tu. Alituita tuone ramani ya wiki. Njia ya ukutani nyeupe peee. Doa la tangi limeongezeka rangi, na mashine imependekeza magari mawili badala ya moja. Mkuu akatia saini, akasema baada ya tukio baya namna ile, angalau sasa tumejua pa kuweka nguvu.

Mama Rangi alilifungua tukio la mwisho. Alisoma jina la dada yake. Akasoma herufi zangu kubwa. Halafu akasoma mahali.

"Nani ameingiza hili?"

Haraka alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia, ingawa alikuwa na haki ya kuniita mzembe.

"Mimi," nikasema.

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Aliinamisha kichwa, akachukua karatasi ya amri akanipa, kama anavyompa dereva yeyote, na mkono wake ulikuwa baridi. Ilisema gari langu, tangi la maji, saa nane kamili, dakika kumi na tano.

Nilikwenda. Nikaegesha karibu na waosha magari, na gari la pili likaegesha nyuma yangu. King'ora kikalia. Nilizima redio, nikashusha kioo, nikasikiliza, na huko kwenye njia ya ukutani wanawake walikuwa wameanza kutoka.