Hesabu ya Kabla Yangu

Mkataba wangu wa masjala ya hospitali ulikuwa umebakisha wiki tano nilipogundua kwamba sijui kueleza nilichokuwa nikikifanya kwa miaka mitatu. Kazi nilikuwa naijua kwa mikono. Mgonjwa anatoa kadi dirishani, nasoma namba, naingia kwenye rafu, natoa faili, linakwenda kwa daktari. Mchana nayakusanya mafaili yote na kuyarudisha. Mtu akiniuliza zaidi ya hapo nilikuwa nakasirika, maana nilidhani ananidharau.

Shirika moja lenye mradi wa afya hapa hapa Pemba lilikuwa limetangaza nafasi ya mtunza kumbukumbu. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa. Walitaka kiungo cha wasifu wa mtandaoni na majina ya wadhamini wawili wa kuulizwa habari zako. Wasifu nilikuwa nao, niliufungua nikiwa chuoni kisha nikausahau. Nikajifungia chumbani kwangu Wawi nikajaza sehemu ya uzoefu: kutoa mafaili, kurejesha mafaili, kusajili wagonjwa wapya, kutunza siri za wagonjwa, na kazi nyingine nitakazopangiwa. Nikaona nimemaliza. Nikampelekea rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye yuko Unguja na kazi yake ni kuchambua maombi ya watu.

Akanipigia kabla sijafika jikoni.

"Hayo uloandika ni majukumu," alisema. "Hata yule aliyekuwa akisinzia kazini alikuwa nayo hayo hayo. Mie nataka kujua, ulipokuwepo wewe kilibadilika nini, na kwa kiasi gani."

Niliudhika, tena sana. Lakini kukosa kazi kunaudhi zaidi, basi nikarudi kwenye simu nikaandika: nilipunguza muda wa wagonjwa kusubiri kwa asilimia hamsini. Ilipendeza. Niliisoma mara tatu nikajiona mtu mkubwa.

"Nani alipima?" rafiki yangu akauliza. "Kabla yake walikuwa wakisubiri dakika ngapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kupima chochote pale dirishani.

"Futa. Namba usiyoweza kueleza umeipataje, ndiyo hiyo hiyo watakayokuuliza. Anza na ulichofanya, kisha useme kilitoka ngapi kikafika ngapi, na kwa muda gani. Tafuta kitu kilichoandikwa."

Kilichoandikwa kilikuwepo. Nilikijua, na nilijua kiko kwa nani.

Mwaka wangu wa pili pale nilianzisha kadi za kufuatilia mafaili. Nilikata maboksi matupu ya dawa, na kila faili linapotoka kadi moja inakaa mahali pake kwenye rafu, imeandikwa namba ya faili, nani kalichukua na tarehe. Kabla ya hapo daktari au muuguzi alikuwa akibeba faili akaenda nalo wodini, likalala huko mwezi mzima, na wewe unatafuta hewa. Mgonjwa akija na faili halionekani, tunamfungulia la muda, na historia yake yote inabaki kusikojulikana. Kila tukio kama hilo lilikuwa likiandikwa kwenye daftari moja la jalada gumu. Lilikuwa likiandikwa na mkuu wa masjala.

Huyo mkuu, ambaye hospitali nzima tulimwita Bi Mkubwa, ndiye aliyenifunza kazi. Alinifunza kusoma namba ya faili kuanzia tarakimu mbili za mwisho, ndizo zinazokupeleka kwenye rafu, nami siku za mwanzo nililia kwa kuchanganyikiwa. Alikuwa amesimamia masjala ile tangu mimi sijaanza shule. Ni jirani yangu pia, nyumba ya nne kutoka kwangu. Na jina lake nilikuwa nimeshaliweka, mdhamini wa kwanza.

Jumatano, alipokwenda kusali adhuhuri, nililitoa daftari nikahesabu mistari kwa ncha ya kalamu. Miezi mitatu kabla ya kadi, mafaili mia mbili na kumi na nne hayakuonekana. Miezi mitatu kama hiyo baada ya kadi, thelathini na saba. Nilipiga hesabu kwenye simu: yamepungua kwa asilimia themanini na tatu. Nikalirudisha daftari haraka kama mwizi, na sikuwa nimeiba kitu.

Niliandika hivi: Nilianzisha kadi za kufuatilia mafaili katika masjala inayohudumia wagonjwa wapatao mia moja na ishirini kwa siku, mafaili yasiyoonekana yakapungua kutoka 214 hadi 37 kwa robo mwaka, sawa na asilimia 83.

Rafiki yangu alifurahi. "Hii sasa ndiyo kazi," akasema.

Mimi niliiangalia ile mia mbili na kumi na nne nikaona uso wa mtu. Thelathini na saba ilikuwa yangu. Lakini hiyo nyingine ilikuwa ya nani? Kila anayeijua masjala ile angeweza kusema bila kufikiri. Nilijaribu kuificha. Nikaacha asilimia peke yake, ikawa inaelea, haijulikani imetoka wapi. Nikaandika "tulipunguza", rafiki yangu akaniambia watauliza mimi nilifanya nini hapo. Kila nikiilainisha, naikuta imerudi kuwa jukumu tu.

Jambo la kawaida lilikuwa kwenda kumuuliza kama naweza kuiandika. Nyumba ya nne. Alhamisi nilitoka hadi mlangoni kwake, nikamsikia anaongea na wajukuu, nikarudi. Nilijiambia hatumii mitandao hiyo, atajulia wapi? Saa kumi na moja jioni nikabonyeza, wasifu ukawa wazi kwa kila mtu, nikatuma maombi, na tangu hapo sikula vizuri.

Alijua Jumatatu. Muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi alikuja dirishani na simu yake, kafungua wasifu wangu, akausoma kwa sauti mbele ya wagonjwa, huku anacheka: "Kumbe tuna mtaalamu hapa! Mia mbili na kumi na nne yakipotea! Bi Mkubwa, haya yalikuwa yakipotelea wapi?"

Nilitamani nimtie faili mdomoni, kwa sababu nusu ya mafaili hayo yalikuwa yakipotelea wodini kwake. Bi Mkubwa alimaliza kuandika kadi aliyokuwa anaiandika, akampa mgonjwa, akamwambia apite.

Siku nzima hakunisemesha zaidi ya kazi. Na siku ya pili. Salamu aliitikia, kwa sababu salamu hainyimwi mtu, lakini ilikuwa kavu. Mimi nilikuwa naogopa mambo mawili kwa pamoja, na naona aibu kusema lipi lilitangulia: kwamba nimemvunjia heshima, na kwamba akipigiwa simu atanikaanga. Kwa ukweli, la simu ndilo lililotangulia.

Jumatano mchana, wagonjwa walipopungua, alilivuta lile daftari, akavaa miwani, akaanza kuhesabu. Mstari kwa mstari, kwa kidole. Mimi nilikuwa napanga mafaili ambayo yalikuwa yameshapangwa. Alipofika katikati akasimama, akapapasa ukurasa, akachukua rula akaipenyeza taratibu. Karatasi mbili zilikuwa zimegandana kwa gundi yetu ya kubandikia majalada. Akazitenganisha, akaendelea hadi mwisho.

"Ulihesabu ngapi?" akaniuliza.

"Mia mbili na kumi na nne, Bi Mkubwa."

"Mia mbili na ishirini na moja. Umeacha saba humu ndani." Akanigeuzia daftari nione. Mistari saba ya mwisho wa mwezi, mwandiko wake ule ule ulionyooka. "Ntu akiandika kitu cha kusomwa na watu, aandike sawa. Nenda kaitengeneze."

"Bi Mkubwa, nisamehe. Nlitaka kuja..."

"Nlikuona mlangoni. Kaitengeneze."

Niliitoa simu pale pale, mbele yake, nikabadilisha. Kutoka 221 hadi 37. Nikapiga hesabu upya na asilimia ikabaki themanini na tatu vile vile. Kwangu ile saba haikuongeza kitu. Ilimwongezea yeye mzigo tu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeidai. Nilimwonesha. Akasoma, akarudisha miwani kwenye mkoba.

Simu ya shirika ilikuja wiki iliyofuata, asubuhi, tuko wawili ndani. Bi Mkubwa sikio lake moja ni zito, kila simu anaiweka sauti kubwa, hata ya mumewe. Nilitaka kutoka. Akanionesha kiti kwa kidevu, nikakaa.

Bwana wa upande wa pili alikuwa na adabu. Aliuliza nimefanya kazi muda gani, nawahi, natunza siri? Bi Mkubwa akajibu kwa ufupi, yote mazuri. Kisha akafika pale.

"Ameandika kwamba mafaili yasiyoonekana yalikuwa mia mbili na ishirini na moja kwa miezi mitatu. Hiyo namba ni ya kweli?"

"Ya kweli. Nliyaandika mie, moja moja."

"Na wakati huo masjala ilikuwa chini ya nani?"

Nilitazama sakafu. Hilo ndilo swali nililolikimbia mlangoni kwake siku ile, na sasa mgeni asiyemjua anamuuliza, mimi nasikia.

"Chini yangu," akasema Bi Mkubwa. Hakutaja madaktari. Hakutaja wodi, wala kwamba tulikuwa wawili kwa kazi ya watu watano. "Na hizo kadi kazileta yeye. Mie nlimwambia haziwezi kufanya kazi, nkamwambia asinijazie takataka kwenye rafu. Akazikata vivyo hivyo."

Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Kwenye wasifu wangu halikuwepo.

"Swali la mwisho, Bi. Ungepata nafasi, ungemwajiri tena?"

Akanitazama.

"Ningemwajiri," akasema. "Kazi aijua. Kuuliza ndiyo hajui. Mngemfunza nyinyi, mie muda umenishinda."

Akaaga, akafunga simu, akaiweka ndani ya mkoba. Mgonjwa alikuwa ameshafika dirishani, bibi mmoja wa Shumba na kadi yake. Bi Mkubwa akaipokea, akaisoma namba kutoka mwisho, akanipa. Nikaingia nayo kwenye rafu, nikasimama kati ya mafaili, nikalia kimya kimya kwa mkono mdomoni, huku Bi Mkubwa ananiambia niharakishe.

Kazi niliipata. Barua ilipokuja sikumpigia mama wala rafiki yangu. Nilikwenda nyumba ya nne, safari hii nikabisha hodi, na alipofungua nikashindwa hata kuanza. Alikuwa ameshaiona barua mkononi.

"Haya," akasema. "Uliza."