Picha ya Ukurasa wa Tatu

Waridi binti Athmani alizaliwa Msambweni, lakini mkate wake aliupatia Likoni, kwa kufuta chunusi za watu. Alikuwa na mkono mtulivu na brashi yenye nywele chache kama masharubu ya paka. Katika duka la picha alilojifunzia kazi alikuwa akiwaondolea maharusi makovu, akiwarudishia wazee meno yaliyong'oka, na siku moja alimchorea bwana harusi saa ya mkononi kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwaambia wakwe kwamba anayo. Waridi aliichora ikionyesha saa nne kasorobo. Mwenyewe alilalamika kwamba ndoa ilifungwa alasiri.

Uhuru ulipopatikana, Bwana Tembo, aliyekuwa mwalimu wa shule na mwenye sauti ya kuita darasa la mbali, alianzisha gazeti la kila Ijumaa kwa ajili ya watu wa kusini ya kivuko, akaliita Ng'ambo. Lilikuwa karatasi moja kubwa iliyokunjwa ikapata kurasa nne. Alimchukua Waridi atengeneze picha kabla hazijapelekwa mjini kuchongewa vibao vya kuchapia, na mpiga picha wake alikuwa Alfani, binamu yake Waridi, kijana wa pikipiki na maneno mengi. Watatu hao ndio waliokuwa gazeti zima, ukiondoa fundi wa mtambo, ambaye hakupenda kuulizwa jambo.

Kwa mwaka mmoja na nusu picha zao zilikuwa za mikutano, ng'ombe walioshinda maonyesho, na waheshimiwa wakikata utepe. Kisha Jumanne moja lori lililobeba watu kutoka Majoreni, wakienda harusini Tiwi, lilivunja ukingo wa daraja la mbao na kuangukia mtoni. Watu watatu walifariki. Wengi waliumia. Alfani alikuwa akipita, basi alisaidia kuwavuta watu kwanza, ndipo akakumbuka kamera.

Jumatano asubuhi alifika ofisini suruali ikiwa bado na tope. Picha ziliposafishwa, Bwana Tembo alizipanga mezani. Moja ilionyesha lori limelala ubavu majini na daraja lenye pengo juu yake. Ya pili ilikuwa ya maiti watatu ukingoni mwa mto, wawili wamefunikwa kanga, na mzee mmoja uso wazi. Ya tatu ilikuwa ya mwanamke aliyekaa kwenye nyasi, mguu umepasuka chini ya goti, damu imetiririka hadi kisiginoni, naye anaitazama kamera kana kwamba anaidai jibu.

Bwana Tembo aliweka kidole juu ya maiti. "Hii. Ukurasa wa mbele, nusu nzima. Tumeandika juu ya daraja hili mpaka wino umekauka, hakuna aliyejali. Sasa watajali."

"Mbele, Bwana Tembo?" Waridi aliuliza. "Gazeti letu linatundikwa kwa vibanio kwenye kamba, nje ya kila duka. Mtoto aliyetumwa chumvi ataonana na maiti kabla hajaiona chumvi. Na hakununua gazeti."

"Kwa hiyo tufiche? Watu wamekufa, Waridi! Tukiweka picha ya daraja peke yake, wakubwa watasema ni seremala tu anayehitajika."

Alfani aliunga mkono pande zote mbili, kama kawaida yake.

"Basi ufunike uso wa mzee," Bwana Tembo alisema. "Itoshe hivyo."

Waridi aliketi dirishani na brashi yake na kikombe cha rangi ya kijivu. Alitia ukungu kwenye uso wa mzee mpaka hapakubaki pua wala ndevu. Akainua picha kuitazama, akaona kwamba hajafanya chochote. Kanga iliyomfunika mama wa kando yake ilisomeka vizuri, maneno yake yote, na maua yake. Nani huko Majoreni asingejua ni kanga ya nani? Wangemtambua kwa kanga kabla ya kumtambua kwa uso. Akapaka maneno. Akapaka maua. Akapaka kofia ya mzee, kwa kuwa mshono wake ulikuwa wa pekee.

Alipoirudisha mezani, Bwana Tembo aliigeuza huku na huku.

"Hii nini? Magunia ya korosho?"

Alfani alicheka, kisha akajinyamazisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyewabeba watu hao.

"Ndiyo hivyo," Waridi alisema. "Nikipaka kidogo, jamaa zao wanawatambua. Nikipaka vya kutosha, si watu tena. Picha hii haina mahali pa kusimama."

Bwana Tembo alinung'unika, akavuta ya tatu, ya mwanamke aliyejeruhiwa. "Huyu je? Yu hai. Mtilie utepe mweusi machoni, ukate picha pale kwenye goti, mguu usionekane. Hapo umemstahi, na sisi tumepata picha."

Waridi alifanya nakala hivyo: utepe machoni, mstari wa penseli kwenye goti. Ilikuwa safi. Hata hivyo jambo moja lilimkereketa. Walikuwa wakimstahi mtu bila kumuuliza anastahiwaje. Picha zilitakiwa mjini kuchongewa vibao kesho yake asubuhi, kwa hiyo alijifunga buibui vizuri, akapanda nyuma ya pikipiki ya Alfani, wakashika njia ya Msambweni, ambako majeruhi walilazwa, huku binamu akimsimulia kila shimo kabla hawajaliingia.

Hospitalini muuguzi aliyeitwa Kanze aliwasimamisha mlangoni mwa wodi. Alitaka kujua wametumwa na nani, na akamwambia Alfani kamera ibaki nje. Kwanza alikwenda kumuuliza mgonjwa kama anataka wageni. Mgonjwa alitaka, tena sana, kwa kuwa jirani yake wa kitanda alikuwa akilala tangu asubuhi na hakukuwa na wa kuzungumza naye.

Jina lake lilikuwa Dama. Mguu ulikuwa umefungwa plasta, na kaka yake, Mbwana, alikuwa ameketi kando akimmenyea chungwa.

"Hamjambo? Poleni na mauguzo," Waridi alisema.

"Tumeshapoa. Karibu, dada," Dama alijibu.

Waridi alieleza kazi yao na kilichowaleta, kisha akatoa ile nakala iliyotengenezwa. Dama aliisogeza karibu na macho.

"Huyu nani?"

"Ni wewe."

"Mbona nimefungwa macho kama mwizi wa kuku? Wevi ndio wanaotiwa hivi magazetini. Mimi nimeiba nini? Nimepanda lori kwenda harusini."

"Tulitaka usijulikane."

"Nani asiyenijua? Majoreni nzima ilikuwa kwenye lori hilo." Akataka aone picha yenyewe. Waridi alisita, akamwambia ina damu, na kwamba anaweza kukataa. Dama alinyoosha mkono. Alipoishika, kaka yake aliacha kumenya chungwa.

"Lo," Dama alisema. "Kumbe nilikaza macho hivyo." Kisha akaweka kidole, si kwenye damu wala kwenye jeraha, bali juu ya goti, mahali kanga ilipokuwa imepanda. "Hili ndilo la kuficha. Damu ni ya Mungu, kila mtu anayo. Paja ni langu."

Waridi karibu acheke. Brashi yake ilikuwa imelinda kila kitu isipokuwa hicho.

"Ninaweza kulificha," alisema. "Lakini sitakuchorea kanga ambayo haikuwapo. Hii ni habari, si picha ya studio. Nitatia kivuli cheusi kinachoonekana kuwa ni kivuli, na chini tutaandika kwamba tumekitia sisi, kwa ombi lako."

"Andikeni. Na uso uacheni. Huyo mkubwa anayesimamia barabara anitazame machoni."

Mbwana aliweka chungwa chini. Sasa aliuliza, "Na wale waliofariki? Mna picha zao?"

Alfani alijibu kwa sauti ya chini kwamba anayo.

"Mzee alikuwa baba yetu mdogo. Tumemzika leo asubuhi. Waliotakiwa kumuona wamemuona. Sitaki kumkuta tena Ukunda amebanwa kwenye kamba, upepo unampeperusha."

"Hakuna atakayemkuta," Waridi alisema. Hakuwa na mamlaka ya kusema hivyo, na aliijua hali hiyo kabla hata neno halijamaliza kutoka.

Njiani kurudi hakusikia shimo hata moja. Bwana Tembo alimsubiri akiwa amewasha taa mapema, na alipokwisha kusikiliza alipiga meza.

"Umeahidi kwa gazeti langu?"

"Nimeahidi. Ukitaka kuivunja, nenda wewe ukamwambie Mbwana."

Bwana Tembo alikuwa na sauti kubwa, lakini moyo wake haukuwa mgumu. Alizunguka meza mara kadhaa, akavua miwani, akaivaa. Kisha wakapanga ukurasa pamoja. Mbele waliweka lori na daraja, hakuna mtu anayeonekana, na majina ya marehemu kwa herufi kubwa. Dama aliwekwa ndani, ukurasa wa tatu, ambao mtu hauoni mpaka afungue kwa mkono wake mwenyewe. Chini ya picha ya mbele waliandika: "Ndani, ukurasa wa tatu, kuna picha ya majeruhi yenye damu. Asiyependa asifungue."

"Na asiyejua kusoma?" Alfani aliuliza.

Wakatazamana. Nusu ya wasomaji wao walikuwa wasikilizaji: gazeti lilisomwa kwa sauti barazani na majumbani, likipita mikononi. Bwana Tembo aliamua kwamba wauzaji wote waambiwe kwa mdomo, nao wamwambie kila mnunuzi. Waridi naye aligundua kwamba chini kabisa ya picha ya Dama palipangwa tangazo la sabuni lenye maneno "Hakuna doa lisilotoka." Fundi wa mtambo alilihamishia ukurasa wa nne, akinung'unika kama aliyeombwa kuhamisha mtambo wenyewe.

Ijumaa gazeti lilitoka. Wengi walifungua, wengine hawakufungua, na bibi mmoja wa Diani alisifika kwa kufungua mara saba huku akisema hataki kuona. Ila Tiwi mwenye duka mmoja alikuwa amelipindua gazeti ndani-nje na kutundika ukurasa wa tatu mbele, ili avute wateja. Waridi aliposikia alikwenda mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Biashara imechangamka leo."

"Naona. Na mjukuu wako yule pale naye anaona." Mtoto alikuwa amesimama chini ya kamba, kidole mdomoni. Mzee alimtazama mtoto, akalitazama gazeti, akalikunja upya. Kisha akamuuzia Waridi nazi kwa bei ghali kidogo.

Barua za malalamiko zilikuja. Mmoja alisema damu ni nyingi, mwingine akauliza maiti wako wapi. Mwezi uliofuata mafundi walikuja na mbao mpya na misumari mirefu kwa ajili ya daraja. Bwana Tembo alisema ni kwa sababu ya macho ya Dama. Alfani alisema ni kwa sababu gari la mkubwa mmoja lilikaribia kutumbukia pale pale. Waridi hakubishana na yeyote.

Kabla ya hayo yote, kesho yake tu baada ya gazeti kutoka, alimpelekea Dama nakala yake hospitalini. Kanze muuguzi alilisoma kwa sauti, wodi nzima ikisikiliza, na jirani aliyekuwa akilala sasa ameamka kabisa. Dama aliukagua uso wake, akakikagua kivuli, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Picha nzuri," alisema. "Lakini hapa mmeandika mimi ni wa Tiwi. Mimi ni wa Majoreni. Tiwi nilikuwa nakwenda tu, na sikufika."

Sahihisho lilitoka Ijumaa iliyofuata, ukurasa wa mbele.