Kona Iliyokataa Digrii Sabini

Mimi na mume wangu sote ni walimu wa hesabu. Tulipima shamba la mama huko Kiegeani, lenye pande tatu: mita hamsini, sitini na tisini. Kanuni ya kosaini ikatupa pembe ndogo. Ile kubwa, mwenzangu akaikimbilia kwa kanuni ya saini, eti ni fupi. Kikokotoo kikampa digrii kama sabini.

Sikutulia. Nikasimama kwenye kona yenyewe, nikanyoosha mikono kufuata mipaka. Ilipanuka kuliko kona ya chumba.

“Hii ndiyo sabini?”

“Kikokotoo hakikosei!”

Kweli, hakikukosea. Pembe ya sabini na ya mia na kumi zina saini moja, nacho hutaja ndogo tu. Kosaini ingetoka hasi, tukajua pembe imezidi tisini. Kilitupimia shamba la mtu mwingine.