Jina Moja kwa Masikio Mawili

Mimi si mtu wa kusema polepole. Mume wangu ndiye mpole. Ni mwalimu wa Kifaransa, na mtaa mzima wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, unamwita Mwalimu, nami pia, hasa nikiwa nimekasirika.

Tulikuwa tunauza jibini na maharage kutoka kwetu, Kivu ya Kaskazini. Vita ilipofunga barabara, na ndege za kule zikaacha kushuka uwanja wa Luano, depo yetu ya kuuzia ilibaki na magunia matupu na panya waliokonda. Hilo ningelivumilia. Lakini mama yangu na mdogo wangu, waliobaki kule, walikimbia, na katika siku hizohizo mwizi akaniibia simu sokoni pamoja na namba zao zote. Laini yenyewe nilikuwa nimeinunua barabarani, imeandikishwa kwa mtu nisiyemjua, kwa hiyo haikurudishwa. Mimi sikujua waliko, na wao hawakuwa na namba yangu mpya.

Tukaanza kuuza samaki wa kukaushwa kutoka Kilwa, ile ya ziwa Mweru. Mwalimu akasema tufungue ukurasa mtandaoni: samaki watauzika, na mdogo wangu, popote alipo, akiona uso wangu atapata namba. Nikamwambia, "Samaki wauzike au wasiuzike, mimi nataka mama yangu aonekane."

Kumbe ukurasa una masharti. Unataka jina moja, neno moja lililoshikana, bila nafasi, bila zile alama za Kifaransa juu ya herufi. Na ukitaka watu wakupate, jina liwe lilelile kwenye kila mtandao, liwe halijachukuliwa na mtu. Tena wateja wetu walikuwa wa aina mbili: watu wa ofisi wanaosoma Kifaransa, na akina mama wa mitaa ya Kampemba wanaotumiana ujumbe wa sauti kwa Kiswahili.

Mwalimu alifikiri siku nzima. Jioni akaja anang'aa. "Nusu kwa nusu," alisema. "Samaki, kwa Kiswahili. *Ma vie*, kwa Kifaransa, ndiyo kusema maisha yangu. Samaki, maisha yangu! Jina jema hung'ara gizani." Akaniandikia: samakimavie. Nililiona kwa macho, nikaona linapendeza. Nani anasoma kwa masikio? Akafungua ukurasa kwa jina hilo, kisha akachukua rangi ya buluu, akaliandika mwenyewe kwenye ukuta wa depo, herufi kubwa kama za shule.

Asubuhi akapita wifi yangu, dada mkubwa wa Mwalimu, na beseni la mboga za lengalenga kichwani. Yeye Kifaransa chake kinaishia kwenye *bonjour*. Akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, akafika mwisho, akashusha beseni chini.

"Bibi yetu," aliniambia, maana ndivyo anavyomwita mke wa ndugu yake, "hii samaki iko ya mavi?"

Nikalisikia. Mama yangu weee, nikalisikia! Dakika hiyo akina mama waliokuwa wakichagua samaki wakaanza kunusa vidole. Mmoja akarudisha samaki wake kwenye meza kwa heshima zote, kama anayerudisha mtoto wa mtu. Nikapandwa na hasira. Nikatoka barabarani, mikono kiunoni, nikapaza sauti: "Samaki yangu haina mavi! Ni *ma vie*! Nasema *ma vie*! *Ma vie* yangu yote iko humu!" Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Watu walicheka mpaka wakashikana. Kijana mmoja wa pikipiki akainua simu akanirekodi, nami nikamtukana yeye, na ukoo wake, na pikipiki yake, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ile video ilizunguka mji kabla sijamaliza kuosha ukuta. Nililia. Si kwa ajili ya samaki. Nililia kwa sababu niliweka jina ili mama yangu anipate, na badala yake nimekuwa kichekesho cha mji.

Tulibadilisha jina, lakini kwa woga, maana mtandao mmoja ukishakubadilishia unakufungia mwezi mzima. Kukosea tena ilikuwa marufuku. Tukaketi barazani watatu. Mwalimu apewe kila jina kwa maandishi, asome kama Mfaransa. Wifi ageuke atazame ukuta, asikie tu. Jina lipite kwa wote wawili ndipo lifunguliwe.

Wifi, mwanakanisa, alianza na samakisali. "Sala inaleta baraka," alisema. Mwalimu akatikisa kichwa. *Sali*, kwa Kifaransa, ni kitu kilichochafuliwa.

Nikatoa samakimoto, maana ninawakaanga pia wa moto. Mwalimu akacheka. "*Moto* kwa Kifaransa ni pikipiki. Watu wa ofisi watakupigia uje uwapeleke kazini."

"Basi karibukaka," alisema wifi. "Wanaume wanapenda kuitwa kaka."

Mwalimu akashika kichwa kwa mikono miwili. Akatueleza kwamba neno hilo, kwa Kifaransa, ndilo watoto wadogo wanalolisema wakiwa wamekalia chungu cha haja.

"Yaani tumetoka kwa mavi, tumezunguka, tumerudi kwa mavi?" aliuliza wifi. Tukacheka mpaka hasira yangu ikayeyuka kidogo.

Mwishowe likaja mamakilwa. Mama ni mama huku na huku. Kilwa ni mji, na mji hauna tusi. Mfaransa akilisikia atalitafuta kwa herufi zilezile anazotumia mama wa Kampemba. Wifi akalikatakata kutafuta uchafu ndani yake: mama-kilwa, mamaki-lwa, ma-makilwa. Akageuka. "Iko safi." Mwalimu akakagua mitandao yote, akakuta bado liko huru, akalichukua.

Wao walipigana makofi. Mimi nilinuna. "Sisi si watu wa Kilwa," nilisema. "Mdogo wangu akilisikia atajuaje kama ni mimi? Jina halina kosa, lakini na mimi simo." Mwalimu alinimiminia chai tu.

Samaki wakaanza kuuzika, siwezi kulalamika. Lakini kila simu ikilia nilifuta mikono mbio, na kila mara ni mteja.

Siku moja nilikuwa ninapanga samaki mezani, namba nisiyoijua ikalia.

"Yaya?" Kwetu ndivyo dada mkubwa anavyoitwa.

Nikakaa chini, juu ya samaki wa watu.

Ni mdogo wangu. Walikuwa wamejificha kwenye ukumbi wa parokia moja, mbali na nyumbani. Watu humo walikuwa wanapitishiana video ya kucheka: mama wa Lubumbashi anayeuza samaki wa mavi. Mama yetu hakuiona, macho yake ni mabaya. Aliisikia akiwa amelala kwenye mkeka. Akainuka. Akasema, "Yule ni wangu. Hakuna mwingine anayetukana hivyo."

"Tulitafuta samakimavie, lile jina la ukutani, hatukuona kitu," alisema mdogo wangu. "Halafu chini ya video mtu ameandika: siku hizi anaitwa mamakilwa. Tukafungua, tukaona uso wako, na namba."

Kisha mama akachukua simu. Nilimsikia anapumua.

"Mutoto wangu. Ni kweli uliuzisha bantu mavi?"

"Hapana, mama. Ilikuwa *ma vie*."

"Ni nini hiyo?"

"Ni Kifaransa, mama. Maisha yangu."

Akalitamka mwenyewe polepole, mara mbili.

"Basi," alisema mama. "Iko jina muzuri."